Barua Pepe Kumi na Saba, Msomaji Mmoja Mgeni

Ni Jumanne, saa tisa alasiri. Mhasibu mkuu wa kampuni inayouza vifaa vya maji jijini Mwanza anafungua barua pepe aliyotumiwa na ofisa manunuzi wake. Kichwa cha barua kinasomeka "Fwd: Re: Re: Re: Mkutano wa Ijumaa". Juu kabisa kuna maneno machache: "Shikamoo mama. Tafadhali soma hapo chini, naomba msaada wako." Baada ya hapo ni mlolongo unaoshuka na kushuka, mazungumzo ya siku kumi na mbili kati ya ofisa huyo, wakala wa forodha aliyeko Dar es Salaam, muuzaji wa pampu aliyeko Guangzhou na karani wa kampuni ya meli.

Kampuni hiyo ni ya mfano. Mlolongo wenyewe, hata hivyo, anaujua kila mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini.

Mama mhasibu anaanza juu, mahali anapoanza kila msomaji. Barua ya juu ndiyo mpya kuliko zote: muuzaji anasema bado anasubiri salio kama walivyokubaliana. Salio gani? Anateremka. Anapita salamu, sahihi ndefu zenye nembo na namba za simu, na tahadhari za kisheria zilizojirudia chini ya kila barua. Karibu na mwisho anaipata barua ya tarehe 5 Mei: pampu 40 kwa dola 465 kila moja, jumla dola 18,600, malipo ya awali asilimia 30, yaani dola 5,580. Anatoa hesabu. Salio ni dola 13,020. Anaanza kuandaa hati ya malipo.

Hesabu yake haina kosa, ila kiasi anachotaka kulipa kimepitwa na wakati. Siku chache baadaye wakala aligundua kuwa orodha ya mzigo ilionyesha pampu 38, si 40, na muuzaji akakubali kusahihisha ankara. Ankara mpya ni ya dola 17,670. Ukitoa kilicholipwa, salio linabaki dola 12,090. Kampuni iko mbioni kulipa dola 930 za pampu mbili ambazo hazikupakiwa, na aliyeko mbioni kuzilipa ni mtu makini aliyesoma alichopewa.

Wa kwanza kulaumiwa hapa angekuwa mhasibu kwa kutosoma barua zote. Lakini hata angezisoma zote, kiasi cha dola 17,670 asingekiona, kwa sababu hakimo. Hapo ndipo inapofaa kuelewa kitufe cha "Sambaza" kinafanya nini hasa.

Mtu anapobonyeza kitufe hicho huamini kwamba anahamisha faili nzima kutoka meza moja kwenda nyingine. Anachotuma kwa kweli ni barua moja tu, aghalabu ile ya mwisho, pamoja na maandishi ya zamani yaliyokuwa yamenakiliwa chini yake kila mtu alipojibu. Tofauti hiyo ina matokeo mawili ambayo watumaji wengi hawayaoni, kwa sababu kwao mazungumzo yote yako palepale kwenye kisanduku chao.

La kwanza ni viambatisho. Mtu akijibu barua yenye kiambatisho, kwa kawaida jibu lake huondoka bila kiambatisho hicho; maandishi yanabaki, faili inaachwa nyuma. Muuzaji alituma ankara mpya tarehe 9 Mei katika barua ya kumi na moja, na ndani ya barua aliandika tu kwamba ankara imeambatishwa. Barua ya kumi na saba, ile iliyosambazwa, ilikuwa jibu la majibu ya barua hiyo. Kwa hiyo mama mhasibu anaona maneno "ankara imeambatishwa" na asione ankara yoyote. Atadhani ameshaiona mahali, au ni ileile ya mwanzo.

La pili ni matawi. Watu wawili wakijibu barua moja kila mmoja kwa wakati wake, mazungumzo hugawanyika kama njia panda. Tarehe 12 Mei wakala wa forodha alikuwa na jambo la haraka: siku za bure za kuhifadhi kontena bandarini zinaisha tarehe 19, na baada ya hapo kila siku inahesabiwa gharama. Lakini hakujibu barua iliyokuwa ya mwisho wakati huo. Alifungua barua ya kumi, akajibu hapo. Muuzaji na ofisa manunuzi wakaendelea kwenye tawi lao. Tawi hilo ndilo lililosambazwa, na onyo la wakala halimo. Gmail ina chaguo la kusambaza mazungumzo yote kwa pamoja, ambalo lingeleta matawi yote mawili, lakini limejificha kwenye menyu ya nukta tatu juu ya mazungumzo na wengi hawajawahi kuliona.

Basi muhtasari wa juu una kazi zaidi ya kumpunguzia msomaji uchovu wa kuteremka. Ni mahali pekee ambapo mtu aliyekuwemo tangu mwanzo anaweza kusema ni nini kimo chini, ni nini hakimo, na kipi kati ya vilivyomo hakifai tena kutumika. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mwingine. Mgeni hawezi kujua kwamba kuna barua asiyoiona.

Ofisi za serikali nchini Tanzania zilikuwa na dawa ya jambo hili kabla kompyuta hazijaingia masjala. Jalada la kawaida, kwa mfumo uliorithiwa kutoka utawala wa Kiingereza, lina pande mbili. Upande mmoja hukaa barua zenyewe, kila moja ikiwa na namba yake ya folio kwa mpangilio wa kuingia. Upande wa pili hukaa madokezo. Ofisa anayepeleka jalada kwa mkubwa wake halirushi mezani kimya. Anaandika dokezo: suala ni lipi, limefika wapi, folio namba fulani inasema nini, na yeye anashauri au anaomba nini. Kisha anatia sahihi na tarehe. Mkubwa anasoma dokezo kwanza. Akitaka kuhakikisha, anageuza hadi kwenye folio aliyoelekezwa, anasoma karatasi moja, anarudi. Jalada lisipokuwa karibu, kuna dokezo sabili, karatasi inayosafiri peke yake ikiwa imebeba maelezo hayohayo.

Mfumo huo ulikuwa na ucheleweshaji wake, na wapo waliozeeka wakisubiri jalada lirudi. Lakini ulijua kwamba barua na maelezo kuhusu barua ni vitu viwili, na kila kimoja kinahitaji upande wake. Barua pepe iliviweka vyote upande mmoja, ikageuza mpangilio juu chini, ikaondoa namba za folio. Nafasi tupu iliyo juu ya mstari wa "Forwarded message" ndiyo yote iliyobaki ya ule upande wa madokezo. Wengi huiacha tupu, na ikiachwa tupu kabisa, kinachotokea kwenye orodha ya barua katika simu ya mpokeaji ni vistari vya mstari huo na jina la mtumaji wa zamani. Mtu anayepitia barua arobaini akiwa kwenye foleni hana sababu ya kuifungua hiyo kwanza.

Ofisa manunuzi angeandika nini hapo? Turudi saa tisa alasiri ile ile, safari hii kichwa cha barua kikiwa kimebadilishwa na kusomeka "Idhini ya malipo: dola 12,090 za pampu, mwisho Jumatano 14 Mei saa 6 mchana":

> Shikamoo mama. Naomba uidhinishe dola 12,090 zilipwe kwa muuzaji wa pampu kabla ya kesho Jumatano, 14 Mei, saa 6 mchana (12:00).
>
> Tuliagiza pampu 40, zimepakiwa 38. Ankara imesahihishwa kutoka dola 18,600 hadi 17,670, na dola 5,580 tulishalipa. Salio la 13,020 utakaloliona chini ni la ankara ya zamani, lisitumike.
>
> Muuzaji haachii hati ya shehena mpaka alipwe, benki huchukua siku mbili tatu, na siku za bure bandarini zinaisha Jumatatu 19 Mei.
>
> Wakala anasema forodha watapokea ankara mpya. Hilo ni neno lake. Forodha wenyewe bado hawajathibitisha.
>
> Ankara mpya nimeiambatisha upya. Barua ya wakala ya 12 Mei kuhusu siku za bure haimo kwenye mlolongo huu, nimeinakili hapa chini ya sahihi yangu. Mengine huhitaji kuyasoma ili kuidhinisha.

Ni maneno mia moja na ushee, na kuyaandika kunachukua dakika kumi kwa mtu anayelijua suala. Yafaa kutazama yamepangwaje, kwa sababu mpangilio wake si ule unaokuja wenyewe kichwani.

Mtu aliyeishi na jambo kwa siku kumi na mbili hupenda kulisimulia kuanzia siku ya kwanza: tuliagiza, wakaleta orodha, wakala akaona tofauti, tukawaandikia. Ni usimulizi mzuri kwa maongezi ya jioni, lakini kwa msomaji mgeni unaweka ombi mwishoni, na yeye anasoma kila sentensi bila kujua anaisoma kwa ajili ya nini. Hapa ombi limetangulia: kitendo, kiasi, mlipwaji, siku na saa. Ukishajua kwamba unaombwa dola 12,090, sentensi inayofuata kuhusu pampu 38 inakuwa jibu la swali ambalo tayari unalo. Historia imebaki ile tu inayoeleza kwa nini kiasi ni hiki na si kingine. Majadiliano kuhusu rangi ya vifuniko vya pampu, yaliyochukua barua nne, hayakutajwa.

Sentensi yenye thamani kubwa kuliko zote huenda ni ile ya "lisitumike". Muhtasari ukitoa hesabu mpya bila kutaja ya zamani, mhasibu mwangalifu atateremka kuhakiki, atakuta 13,020, na atabaki na hesabu mbili zinazopingana. Atapiga simu, au atakisia. Kitu kilichokufa ndani ya mlolongo kitajwe kwa jina kwamba kimekufa.

Tarehe nazo zimeandikwa kwa ukamilifu. Neno "kesho" lililo ndani ya barua ya tarehe 8 lilimaanisha tarehe 9, na "Ijumaa" inaweza kuwa iliyopita au ijayo. Kuna mtego mwingine kwenye mistari ya tarehe ambayo kompyuta huiandika yenyewe: mashine iliyowekwa kwa mtindo wa Kimarekani itaandika tarehe 12 Mei kama 5/12, na msomaji wa Mwanza ataisoma kuwa tarehe 5 Desemba. Jina la mwezi linamaliza utata huo. Kuhusu saa, mtu anayeandika "saa sita" kwa Kiswahili huku kompyuta ikionyesha 12:00 afanye kama ofisa huyu na kuweka zote mbili, hasa ikiwa barua inaweza kufika kwa mtu aliyeko nje.

Kabla ya kutuma, ofisa alikuwa na kazi moja zaidi isiyoonekana kwenye muhtasari: kusoma mlolongo hadi chini kabisa. Barua za chini ziliandikwa watu wakiwa wanajua nani anasoma. Huenda kuna mahali wakala alimlalamikia ofisa kuhusu ucheleweshaji wa uhasibu, kwa maneno ambayo hakutarajia mhasibu ayaone. Huenda kuna bei ya muuzaji mshindani. Sehemu isiyohitajika inaweza kukatwa, na ikikatwa iandikwe wazi: "barua nne nimeziondoa, zinahusu rangi tu". Kisichofaa kamwe ni kugusa maneno ya mtu ndani ya barua iliyobaki, hata kusahihisha tahajia, kwa sababu mlolongo huo ni ushahidi na huenda siku moja ukahitajika hivyo.

Sasa ile sentensi kuhusu forodha. Ofisa angeweza kuandika kwa kifupi, "forodha watapokea ankara mpya". Maneno machache zaidi, na yanasikika yenye uhakika. Ndiyo hatari kubwa ya muhtasari wowote: kitu cha kwanza kudondoka unapofupisha ni shaka.

Mfano mzito wa jambo hili uko kwenye ripoti ya uchunguzi wa ajali ya chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia, iliyotolewa Agosti 2003. Chombo kiliporuka tarehe 16 Januari mwaka huo, kipande cha povu kilichomoka kwenye tangi la nje la mafuta na kugonga bawa la kushoto. Wahandisi wa shirika la NASA na wa makandarasi wake walichambua tukio hilo na tarehe 24 Januari wakawasilisha walichokipata. Kwenye ukurasa mmoja wa wasilisho lao, kichwa cha juu kilikuwa cha kutuliza wasiwasi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ndipo palipoelezwa kwamba kipande kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, wakati majaribio waliyoyategemea yalitumia vipande vya inchi za ujazo 3. Tofauti ni mara 640. Siku hiyohiyo, meneja aliyewasikiliza alifikisha muhtasari kwa mdomo kwenye kikao cha wasimamizi wa safari. Hitimisho lilifika. Wasiwasi wa wahandisi kuhusu kile wasichokijua haukufika kwa uzito wake. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika angani juu ya Texas kikirudi duniani, na wanaanga wote saba wakafa.

Ajali hiyo ilikuwa na sababu nyingi, na kuipachika kwenye muhtasari mmoja kungekuwa kuwadhulumu waliokufa. Lakini tume iliyochunguza ilisema jambo linalohusu kila ofisi: taarifa inapopanda ngazi kutoka kwa waliochambua hadi kwa waamuzi, maelezo na ushahidi wake huchujwa njiani. Kila mtu anayefupisha anafanya kwa nia njema, na kila mmoja anaondoa neno "labda" moja. Ndiyo maana ofisa wetu aliandika nani amesema na nani hajasema bado. Mhasibu anaweza kuamua kulipa hivyohivyo, au akamwambia wakala alete uthibitisho kwanza. Uamuzi ni wake, na ana vya kuamulia.

Sehemu kubwa ya mazungumzo ya kazi Afrika Mashariki yamehamia WhatsApp, na huko tatizo linageuka sura. Ujumbe uliosambazwa WhatsApp hupoteza jina la aliyeuandika. Kinachobaki ni alama kwamba umesambazwa. Mtu akichagua jumbe tisa kutoka kundi la wakala na kuzipeleka kwa mhasibu, zote zitaonekana kana kwamba zimesemwa na yeye. Wakala, muuzaji na karani wa meli wanakuwa mtu mmoja anayejipinga mwenyewe. Kwa hiyo muhtasari wa huko sharti uwataje wasemaji, na ni vyema utangulie jumbe zenyewe, kwa kuwa WhatsApp huweka cha zamani juu na msomaji atashuka kutoka hapo. Ujumbe wa sauti wa dakika nne nao uandikiwe mstari mmoja wa maneno: nani anaongea, na kwenye dakika ya ngapi anataja kiasi.

Rudi Mwanza. Mama mhasibu ameidhinisha saa tisa na nusu. Sasa na yeye ana watu wa kuwasambazia barua ileile, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuona muhtasari ulikwishaandikwa, basi wanabonyeza tu. Ule wa ofisa uliandikwa kwa mtu wa kuidhinisha malipo, alasiri ya tarehe 13. Mkurugenzi, ambaye sahihi yake ya pili inahitajika benki, anataka mistari miwili: kiasi gani, nani amekagua. Kwa hiyo mama anaandika juu ya ule wa ofisa: "Naomba sahihi yako ya pili kwa dola 12,090 leo kabla ya saa 11 jioni. Nimelinganisha na ankara mpya iliyoambatishwa, na hesabu ni sahihi."

Mtunza ghala hahitaji kujua dola hata moja. Yeye mama hamtumii mlolongo, anaandika barua mpya: "Habari za jioni kaka. Kontena la pampu likifika, tegemea pampu 38, si 40 kama ilivyo kwenye oda yako. Tofauti hiyo inajulikana na imeshasahihishwa kwenye ankara. Ukihesabu chini ya 38, usisaini mapokezi; nipigie kwanza."